Ghala la Mkoani halina mtandao, duka la Chake linao: kwa nini namba ya asubuhi imeifuta ya alasiri?

DukaChake

Assalaam alaykum wana jukwaa. Nina suala kuhusu Google Sheets, na naomba anayejua anijibu taratibu maana mie ni mtu wa saruji na nondo, si mtu wa kompyuta.

Tuna duka la vifaa vya ujenzi hapa Chake Chake, na ghala liko Mkoani, si mbali na bandari. Stoki yote tunaiweka kwenye shiti moja. Kila bidhaa ina mstari wake na mbele yake pana seli moja ya baki, yaani jumla ya mzigo uliopo, wa dukani na wa ghalani pamoja. Anayeuza anatoa hesabu yake kwenye baki na kuandika namba mpya. Dukani mtandao upo. Ghalani haupo, ukuta mnene na bati juu, simu inashika ukitoka nje barabarani tu. Kwa hiyo kijana wa ghalani anatumia laptopu iliyowekwa ile hali ya kufanya kazi bila mtandao, na jioni akifunga ghala anakwenda nayo kwao, inashika mtandao, kazi yake inapanda.

Juzi asubuhi saruji ilikuwa mifuko 180. Saa 3 asubuhi kijana akatoa mifuko 40, akaandika 140. Saa 4 sisi dukani tukauza 25, kwetu ilikuwa bado inasoma 180, tukaandika 155. Saa 9 alasiri tukauza 30 nyingine, tukaandika 125. Saa 11 jioni kijana kapata mtandao kwao, na mimi mwenyewe nikiwa nimekaa dukani naiangalia shiti, ile 125 ikageuka 140 mbele ya macho yangu. Hakuna aliyeulizwa kitu. Hakuna onyo.

Namba yake ni ya saa 3 asubuhi. Yetu ni ya saa 9 alasiri. Vipi ya zamani imeifuta mpya?

Nahodha_Malindi

Waalaykum salaam. Hiyo rahisi, ndugu yangu. Kwenye Sheets aliyeandika mwisho ndiye anayeshinda. Itakuwa saa ya laptopu ya huyo kijana imekwenda mbele, ndiyo mtandao ukadhani kaandika usiku. Mwambie arekebishe saa na tarehe, mambo yatakaa sawa.

BintiWete

Mnunulieni ruta, kaka, mumalize. Siku hizi bando si ghali kama zamani. Mtapata hasara ya saruji kwa kubania bando?

DukaChake

BintiWete, bando lipo dada yangu, mtandao ndio haumo ndani. Ruta tumejaribu, nayo inatafuta mnara kama tunavyoutafuta sisi. Na hata ikishika, umeme ukikatika inazima.

Nahodha, saa ya laptopu iko sawa, nimeiangalia leo asubuhi.

Mhasibu_wa_Pwani

Nahodha kapatia nusu. Ni kweli wa mwisho anashinda, lakini wa mwisho *kufika*, si wa mwisho kuandika. Saa ya laptopu haimo kabisa katika mambo haya, hata ingekuwa nyuma kwa saa nzima matokeo yangekuwa yale yale.

Tazama kinachotokea. Kijana alipoandika 140 bila mtandao, laptopu haikuhifadhi shiti nzima mpya. Ilihifadhi agizo moja dogo: "seli C14, weka 140." Agizo hilo likakaa ndani ya kivinjari, kwenye hifadhi yake, likisubiri njia. Nyinyi dukani maagizo yenu yalikwenda moja kwa moja kwenye seva: weka 155, halafu weka 125. Seva ikayapokea kwa zamu. Saa 11 jioni laptopu ikapata mtandao, ikakabidhi lake: weka 140. Kwa seva hilo ndilo agizo jipya kuliko yote, kwa sababu ndilo lililoingia mlangoni sasa hivi. Ikaliweka juu.

Na angalia jambo jingine. Agizo halisemi "punguza 40". Linasema "weka 140". Seva haijui kwamba kijana alipiga hesabu kutoka 180. Ingekuwa inajua kupunguza, ingepunguza kutoka 125 mkapata 85, ambayo ndiyo namba ya kweli: 180 toa 25, toa 30, toa 40. Lakini kwake 140 ni maandishi tu, kama angeandika jina la mtu.

Kwa hiyo hapo hapana hitilafu. Shiti imefanya kile ilichoambiwa. Tatizo ni kwamba watu wawili wanaandika *baki* kwenye seli moja, na mmoja wao haoni anachoandika mwenziwe.

Nahodha_Malindi

Sikatai, lakini mbona mimi kwenye Excel nikirudi mtandaoni na mwenzangu kaligusa faili, huniambia kuna mgongano na kunitaka niweke nakala yangu mbali? Najua nakwambia kitu nilichokiona kwa macho. Google nao lazima wana kitu kama hicho, ila mtu hajakiwasha.

Mhasibu_wa_Pwani

Ulichokiona ni kweli, lakini ni nyumba nyingine. Faili la Excel lililokaa kwenye folda ya OneDrive linaweza kukataa kuunganika, na hapo unaulizwa uhifadhi nakala au uyatupe mabadiliko yako. Sheets haiko hivyo. Yenyewe haishindanishi faili na faili, inapanga maagizo ya seli moja moja. Maagizo ya seli tofauti yanakaa pamoja bila ugomvi: kijana angegusa saruji na nyinyi mkagusa mabati, kazi zote mbili zingebaki. Ya seli moja, la mwisho kufika linakaa juu. Hakuna swichi ya kuwasha ili ikuulize.

Mie naona afadhali ingekuwa inauliza, walau kwa mtu aliyekaa nje ya mtandao mchana kutwa. Lakini ndivyo ilivyo.

DukaChake, kabla hujabadilisha chochote, ibofye hiyo seli ya saruji kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague `Show edit history`. Utapata kidirisha chenye mishale, rudi nyuma moja moja. Tuambie umeona nini. Usishughulike sana na saa zilizoandikwa, angalia mfuatano.

Maalim_Micheweni

Samahani kuingilia. Na mimi yamenikuta, ingawa yangu ni ya alama za mtihani. Niliingiza alama za madarasa mawili nyumbani bila mtandao, kwenye laptopu ya skuli. Kila kitu kilionekana vizuri, nikafunga. Siku ya pili kabla sijaifungua shiti, kijana anayetutazamia kompyuta akaona laptopu nzito, akaisafisha. Akafuta historia ya kivinjari, vidakuzi na vyote vilivyomo. Nilipofungua shiti ikiwa na mtandao, safu nzima tupu. Nikaingia kwenye `Version history` kutafuta, hamna kitu. Je, alama zangu ziko kwenye seva mahali fulani? Naambiwa Google haipotezi kitu.

Mhasibu_wa_Pwani

Pole sana, Maalim. Hazipo. Na sitaki nikupe matumaini ya bure.

Kile kinachoandikwa bila mtandao kinakaa mahali pamoja tu duniani: hifadhi ya kivinjari kile, kwenye wasifu ule, ndani ya mashine ile. Mtu akifuta data za tovuti humo kabla kazi haijapanda, kafuta nakala pekee. Na `Version history` iko kwenye seva, inaonyesha yaliyofika. Ambalo halikufika halina historia.

Ndiyo maana kwenye laptopu ya watu wengi hii hali ya bila mtandao haifai kuwashwa. Google wenyewe wanashauri iwashwe kwenye kompyuta yako binafsi tu.

Cha kuangalia ni maandishi madogo yaliyo juu, karibu na jina la shiti. Ukiwa nje ya mtandao yanasema `Saved to this device`. Hapo kazi iko kwenye mashine na si kwengine. Mtandao ukirudi yanageuka `Saving…`, halafu `Saved to Drive`. Kabla hujaona hilo la mwisho, usifunge mfuniko wa laptopu, na usimpe mtu aitie mikono. Mtandao wa kusuasua `Saving…` inaweza kukaa hapo muda, we kunywa chai yako.

Na haitoshi laptopu kupata mtandao tu. Ifungue ile shiti yenyewe, uikodolee macho mpaka maneno yageuke.

BintiWete

Kwa hiyo na simu nayo ni hivyo hivyo? Maana mie natumia simu, naandika kwenye boti nikienda Unguja, huko katikati ya bahari hamna hata mstari mmoja wa mtandao.

Mhasibu_wa_Pwani

Ni hivyo hivyo. Kwenye simu unabonyeza vile vidoti vitatu vya faili unachagua `Make available offline` ukiwa bado una mtandao, yaani kabla hujapanda boti. Ukishuka Malindi ifungue programu uone imepanda. Usiiondoe programu wala usifute data zake kabla ya hapo.

Na nikwambie jambo ambalo watu wengi halijawapitia akilini. Ukiandika kwa simu kwenye boti, halafu ukafika ukafungua laptopu ukaendelea na shiti ile ile huku simu bado haijapandisha, wewe mwenyewe umekuwa watu wawili. Akaunti moja haikusaidii. Simu ikishika mtandao baadaye itaweka yake juu ya ya laptopu, kwenye seli zile mlizozigusa nyote wawili, wewe na wewe.

BintiWete

Mie na mie tugombane! Haya, nimefahamu.

DukaChake

Nimeangalia kama ulivyosema, Mhasibu. Kwenye saruji mishale inanipeleka hivi, kutoka nyuma kuja mbele: 180, halafu jina letu la duka 155, jina letu tena 125, halafu jina la kijana 140. Kama ulivyosema.

Nikapanda gari mpaka Mkoani, tukahesabu mifuko. Ghalani 60. Dukani nilishahesabu, 25. Jumla 85. Shiti inasema 140. Tofauti ni 55, na 55 ndiyo mauzo yetu ya dukani ya siku ile, 25 na 30. Yaani mauzo ya duka zima yamefutika, kama hatukuuza.

Nikaenda kwenye mabati, nako pia. Shiti imezidi kwa mabati 18, na risiti za dukani za siku hiyo zina mabati 18. Misumari haikuharibika, kwa sababu kijana hakuigusa.

Kusema kweli nilishaanza kumtazama kijana kwa jicho jingine.

Mhasibu_wa_Pwani

Usimtazame hivyo, hesabu yenyewe inamsafisha. Mzigo ukiibiwa, upungufu hauna sababu ya kufanana na risiti za upande mmoja. Ukiona tofauti inalingana sawasawa na mauzo ya upande wenye mtandao, kwa bidhaa zile tu ambazo pande zote mbili ziliziandika siku hiyo, ujue ni seli iliyopandiwa juu.

Sasa dawa yake. Kumwambia kijana "kuwa makini" hakusaidii, awe makini na kitu asichokiona? Inabidi mbadilishe kinachoandikwa. Mtu asiandike baki, aandike tukio: leo zimetoka 40. Baki ipigwe na shiti yenyewe.

Mwani_Paje

Hapo hapo nitie neno, maana sisi tulifanya hivyo na bado tukaumia.

Sisi tunanunua mwani mkavu kwa akina mama, vituo viwili, kimoja Paje na kimoja Jambiani. Hatuandiki baki, tunaandika kila mzani: tarehe, jina, kilo. Mstari mpya chini ya uliopita. Tukaona tumesalimika. Siku moja kituo cha Jambiani hakikuwa na mtandao tangu asubuhi. Mstari wa mwisho uliojazwa ulikuwa wa 51, kwa hiyo mpima mizani wa Jambiani akaanzia wa 52. Na mpima mizani wa Paje, mwenye mtandao, naye kaanzia wa 52. Jioni Jambiani ilipopanda, mistari yake ikaikalia ya Paje moja baada ya moja. Wa Paje ndiyo walikuwa na mizani mingi zaidi siku ile, kwa hiyo ile iliyozidi ikabaki chini, ndiyo tukagundua. Juu majina ya Jambiani, chini majina ya Paje yamekatika katikati, kama orodha imekatwa kisu.

Tulirudisha kwa `Version history`, tukaifungua ya mchana, tukanakili mizani ya Paje tukaibandika mahali pengine. Hiyo ilikuwa rahisi kwa sababu ya Paje ilishafika kwenye seva. Lakini akina mama walikuwa wameshapangana kudai kilo zao.

Nahodha_Malindi

Hii sasa imenishangaza. Mstari mtupu si wa mtu yeyote. Mgongano umetoka wapi?

Mhasibu_wa_Pwani

Mstari mtupu nao una anwani, Nahodha. A52 ni A52 hata ikiwa haina kitu. Jambiani kasema "A52 weka jina hili", Paje kasema "A52 weka jina lile". Kwa seva ni seli moja, maagizo mawili. Mwani_Paje kanisaidia kusema nililotaka kulisema: kuandika matukio ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni kwamba kila anayefanya kazi bila mtandao awe na karatasi yake mwenyewe ndani ya shiti, asiyoandika mtu mwengine.

DukaChake, fanya hivi. Kwenye shiti ile ile tengeneza karatasi mbili, moja iite `Chake`, nyingine `Mkoani`. Kila moja iwe na safu tatu: A tarehe, B bidhaa, C idadi. Kinachoingia kiandikwe kawaida, kinachotoka kiwe na alama ya kutoa mbele yake. Mstari wa kwanza wa kila bidhaa ni ule mzigo mlioukuta mlipohesabu. Halafu karatasi ya tatu, `Jumla`, majina ya bidhaa yakae safu A kuanzia A2, na kwenye B2 weka:

```
=SUMIF(Chake!B:B, A2, Chake!C:C) + SUMIF(Mkoani!B:B, A2, Mkoani!C:C)
```

Ivute chini kwa bidhaa zote. Kama shiti yako inaikataa koma, jaribu nukta-mkato, inategemea nchi uliyoichagua kwenye mipangilio ya shiti.

Tuchukue siku ile ile. Asubuhi ya mifuko 180, dukani mlikuwa na 80 na ghalani 100. Karatasi ya `Chake` inasoma 80, halafu -25, halafu -30. Karatasi ya `Mkoani` inasoma 100, halafu -40. Mpaka saa 11 jioni `Jumla` yako dukani inasema 125, kwa sababu ile -40 iko njiani bado. Kijana akipata mtandao, -40 inatua kwenye karatasi yake, haigusi seli yenu hata moja, na `Jumla` inashuka mpaka 85.

Lakini ufahamu mpaka wake: kati ya saa 3 asubuhi na saa 11 jioni bado umeona namba isiyo kamili. Hakuna fomula itakayokuonyesha kilicho kwenye laptopu isiyo na mtandao. Mteja akitaka mifuko 60 saa 10 jioni, mtafute kijana umuulize kwanza.

DukaChake

Nimekufahamu. Na ile `Jumla` kwenye laptopu ya kijana itasoma nini mchana?

Mhasibu_wa_Pwani

Itapiga hesabu vizuri tu, SUMIF inafanya kazi bila mtandao. Ila itapiga kwa yale ya `Chake` aliyoondoka nayo nyumbani asubuhi. Yeye ataona 140, nyinyi mtaona 125, na zote mbili si za kweli mpaka mkutane. Fomula za kuvuta kutoka shiti nyingine, kama `IMPORTRANGE`, hizo msiziweke kwenye kazi hii, zinahitaji seva.

DukaChake

Tumeanza leo. Tumepata tatizo moja dogo: nondo za mm 12 kwenye `Jumla` zinasoma pungufu, lakini karatasi ya kijana inaonyesha kaingiza vizuri.

Mhasibu_wa_Pwani

Angalia alivyoandika jina. Nakisia kaacha nafasi mwisho wa neno, au kaandika "Nondo 12" na wewe "Nondo mm 12". SUMIF haijali herufi kubwa na ndogo, lakini nafasi moja iliyozidi inatosha kulifanya jina kuwa la bidhaa nyingine. Iweke safu B iwe ya kuchagua kutoka kwenye orodha, iko `Data`, halafu `Data validation`, achague badala ya kuandika.

DukaChake

Ilikuwa nafasi mwisho wa neno. Umejuaje, sheikh?

Mhasibu_wa_Pwani

Ni hiyo siku zote.

Nahodha_Malindi

Nina suala la mwisho, na hili linanihusu mimi, maana shiti yetu ya abiria watu wanaipangua kila saa. Mmoja yuko nje ya mtandao kaandika kwenye mstari wa 14. Huku mwengine mwenye mtandao kaongeza mistari miwili juu yake. Yule akirudi, neno lake linatua wapi?

Mhasibu_wa_Pwani

Linatua mstari wa 16, kwa abiria yule yule. Mistari ikiongezwa, seva inajua 14 ya zamani imekuwa 16, inalisogeza agizo nalo. Hilo wamelifanya vizuri. Mstari ukifutwa ndiyo hatari: yule aliyeko nje kaandika kwenye mstari ambao haupo tena, na alichokiandika kinakwenda na mstari wake, bila kuambiwa. Kwa hiyo kwenye shiti yenye mtu aliye nje ya mtandao, usifute mstari. Weka safu ya "imefutwa" utie alama.

Mwani_Paje

Na kupanga kwa alfabeti je? Mmoja akipanga orodha yote wakati mwengine yuko nje?

Nahodha_Malindi

Hilo litakuwa kama kuongeza mistari, litafuata abiria wake.

Mwani_Paje

Sisi halikufuata. Tulipanga orodha ya akina mama kwa majina, kilo za Jambiani zikatua kwa watu wengine.

Nahodha_Malindi

Labda mlipanga safu ya majina peke yake bila ya kilo. Hilo linatokea sana, wala halina uhusiano na mtandao.

Mwani_Paje

Inawezekana. Aliyepanga hakumbuki alichagua nini.

Mhasibu_wa_Pwani

Kwa kisa hicho siwezi kuamua nani kasema kweli, na `Show edit history` haionyeshi kila kitu, mistari iliyoongezwa na iliyofutwa haimo. Njia salama ni kutopanga kabisa karatasi ya kazi. Anayetaka kuona orodha imepangwa aende `Data`, `Create filter view`, apange humo. Hapo anaipanga kwa macho yake tu, mistari yenyewe haisogei. Na ukitaka kujua hasa, tengeneza nakala ya shiti, simu moja iweke kwenye hali ya ndege, andika, mwengine apange, halafu uitoe. Usijaribu kwenye shiti yenye hela za watu.

Maalim_Micheweni

Mhasibu, nami nina moja. Nimeingiza alama upya, na safari hii maandishi ya juu yameganda kwenye `Saving…` tangu adhuhuri. Mtandao upo, WhatsApp inafanya kazi. Niifunge niifungue tena?

Mhasibu_wa_Pwani

Subiri, Maalim! Kwanza zichague seli zote ulizojaza, `Ctrl+C`, fungua Notepad, `Ctrl+V`, hifadhi kwenye dawati. Zitatoka zimeachana kwa nafasi za Tab, ukizibandika tena kwenye shiti zinarudi kwenye safu zake. Ukishahifadhi hiyo, ndipo uifunge shiti na uifungue upya. Mara nyingi inapanda yenyewe.

Maalim_Micheweni

Nimefanya. Imepanda: `Saved to Drive`. Nimeweka na kwenye flashi.

DukaChake

Naripoti: jana jioni ghala lilipopandisha, `Jumla` na mifuko tuliyoihesabu kwa mkono ni sawa. Mabati sawa. Nondo za mm 16 tu zimepungua 3, na nimeangalia karatasi zote mbili, majina yako sawa, hakuna kilichopandiwa.

Nahodha_Malindi

Hizo 3 sasa muulize mtu, si Google.

BintiWete

Na saruji mnauza bei gani mfuko? Nina ukuta wangu hapa Wete umesimama nusu.

DukaChake

Njoo ndani ya ujumbe binafsi, dada.